Makubaliano Tusiyotia Saini

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu, na Benki Kuu ya Somalia ikaanguka nayo. Benki iliporwa, wafanyakazi wakatawanyika, na hapakuwa tena na gavana wala waziri wa kuzisimamia noti zilizokuwa mifukoni mwa watu. Kwa mujibu wa vitabu vingi vya uchumi, fedha ya karatasi hupata thamani kwa sababu dola inasimama nyuma yake. Dola ikiondoka, karatasi hubaki karatasi. Shilingi ya Somalia haikufuata vitabu hivyo. Miaka 20 baadaye muuza nyanya sokoni bado alikuwa anapokea noti ya shilingi 1,000 iliyochakaa, na kesho yake anainunulia mafuta ya kupikia.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa yeyote anayeuliza vitu kama fedha, mipaka ya nchi, na kazi za mume na mke vimesimama juu ya nini. Jibu la haraka ni kwamba vimesimama juu ya makubaliano ya watu. Ni jibu sahihi, ila halitoshi, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitwa kwenye kikao kukubali. Tulizaliwa tukayakuta. Linalohitaji kuchunguzwa ni nani hasa anayeyashikilia makubaliano hayo, yanavunjika kwa njia gani, na gharama yake anailipa nani.

Mwaka 1966 wanasosholojia Peter Berger na Thomas Luckmann walichapisha kitabu kuhusu namna jamii inavyojijengea uhalisia wake. Hoja yao inafuatika kwa urahisi. Watu wawili wanaoishi pamoja huanza kugawana shughuli kwa namna fulani, na baada ya muda namna hiyo inakuwa mazoea. Wao wenyewe wanakumbuka ilivyoanza na wanajua wanaweza kuibadili. Kisha wanapata watoto. Mtoto hakuwepo siku mazoea yale yalipozaliwa, kwa hiyo anayakuta kama alivyoukuta mlima na mto, na akiuliza sababu anaambiwa ndivyo ilivyo. Kuanzia hapo kilichotengenezwa na watu kinaonekana kama kimewatangulia watu.

Wapo wanaosikia hoja hii wakadhani inasema kwamba fedha ni uongo au mpaka ni ndoto. Sivyo. Mtu aliyekamatwa mpakani bila hati analala rumande ya kweli yenye sakafu ya saruji. Tofauti ni ya aina ya uhalisia. Watu wote wakitoweka duniani kesho, mlima Kilimanjaro utabaki palepale, lakini mpaka unaopita upande wake wa kaskazini utakuwa umetoweka nao. Mwanafalsafa John Searle, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliueleza ukweli wa aina hii kwa kanuni fupi: kitu fulani kinahesabiwa kuwa kitu kingine, katika mazingira fulani. Karatasi inahesabiwa kuwa malipo. Mstari unahesabiwa kuwa mwisho wa nchi. Mtu anahesabiwa kuwa mume. Uzito wote uko katika neno hilo "inahesabiwa", na Somalia inatuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyofanyika pale ambapo hakuna mhasibu mkuu.

Muuza nyanya wa Mogadishu hakuhitaji kuipenda ile noti wala kuiamini benki isiyokuwepo. Alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba muuza mafuta ataipokea. Muuza mafuta naye aliangalia kama muuza unga ataipokea, na mwenye unga akamwangalia mwenye duka la jumla. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na mtazamo huo wa pande zote ndio uliokuwa benki. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja hakuweza kujitoa hata kama alikuwa na mashaka. Angekataa noti, angebaki na nyanya zinazooza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ali Mahdi Mohamed, aliyejitangaza kuwa rais, alijaribu kutoa noti mpya. Zilikuwa na kitu ambacho zile za zamani hazikuwa nacho tena, yaani mtu anayedai kuwa serikali na yuko hai kuzisimamia. Hata hivyo zilikubaliwa katika eneo dogo tu lililokuwa chini ya watu wake, na kwingineko zikakataliwa, huku noti za benki iliyokufa zikiendelea kupita mkononi kwa wafuasi wake na kwa maadui zake. Amri ya aliye hai ilishindwa na mazoea yaliyoachwa na waliokwisha kuondoka. Hapo tunajifunza kwamba dola ni mshikaji mmoja wa makubaliano, tena mwenye nguvu, lakini si yeye chanzo chake.

Kisha wakaja wachapishaji. Wafanyabiashara na wababe wa vita waliagiza shehena za noti kutoka nje ya nchi, zikaingizwa sokoni bila idhini ya mtu yeyote, kwa kuwa hapakuwa na wa kutoa idhini. Wenyeji wengi walizitambua noti hizo na bado walizipokea. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja kukadiria kwamba takriban asilimia 98 ya shilingi zilizokuwa zikizunguka Somalia zilikuwa bandia. Takwimu hiyo inashtua, lakini inafuata moja kwa moja kutoka kwa yale tuliyokwisha kuyaona. Noti bandia inayopokelewa na kila mtu inafanya kazi yote ya noti halali.

Kulikuwa na kikomo, na kikomo hicho ndicho ninachokiona kuwa funzo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Kadiri noti zilivyoongezeka, thamani ya kila moja ilishuka. Noti ndogo zilitoweka kwa kuwa hazikufaa tena kitu, ikabaki ile ya 1,000. Nayo iliposhuka hadi kwenye senti tatu au nne za dola ya Marekani, mteremko ukapungua. Kuchapisha noti moja ughaibuni na kuisafirisha hadi Mogadishu kuligharimu karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo mchapishaji hakupata tena faida ya kuchapisha. Makubaliano yaliizuia karatasi isife, lakini bei ya wino na usafiri ndiyo iliyoamua isishuke zaidi ya pale. Anayesema kila kitu ni makubaliano matupu anasahau sakafu hiyo. Vitu tunavyokubaliana juu yake vina miili, na miili hiyo ina gharama.

Sasa itazame Kenya, ambako mambo yalikwenda kinyume kabisa. Tarehe 1 Juni 2019, katika sherehe za Madaraka mjini Narok, gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika ifikapo tarehe 1 Oktoba mwaka uleule. Wananchi wakapanga foleni benki kubadilisha, na sehemu kubwa mno ya noti zikarudi. Zilizobaki nje, kama milioni saba, zikawa karatasi usiku mmoja. Hazikuwa bandia. Zilikuwa na alama zote za usalama, zilichapishwa kihalali, na pengine mwenye nazo alizitolea jasho. Hapa dola iliweza kile ambacho Ali Mahdi hakukiweza, kwa sababu kila Mkenya alikuwa na hakika kwamba mwenzake atatii tangazo lile. Siku gavana alipozungumza, mwenye duka hakujiuliza kama gavana ana haki. Alijiuliza wateja na wauzaji wake watafanya nini baada ya Septemba.

Mpaka unafanana na noti kwa namna hiyo, ila una tatizo ambalo noti haina. Noti inahitaji kukubaliwa na wale wanaoitumia. Mpaka unaweza kusimama miaka mingi kwa makubaliano ya watu wasioishi karibu nao, huku wanaoishi juu yake wakiwa hawakuulizwa.

Mwaka 1886 maofisa wa Uingereza na Ujerumani walipatana juu ya mstari unaoanzia kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea kaskazini-magharibi hadi ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria kwenye nyuzi moja kusini mwa ikweta. Hadithi inayosimuliwa sana kwamba mlima ulikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa kutoka kwa malkia wa Uingereza haina msingi. Mstari ule ulitokana na ugawaji wa maeneo ya biashara na mikataba iliyokuwa imekwisha kutiwa saini na mawakala wa pande zote mbili. Wadigo walijikuta pande mbili, Wasegeju vilevile, na kule magharibi Wamasai na Wakurya. Kwao mstari haukuwa na maana yoyote kwa miaka mingi, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuuhesabu kuwa kitu.

Kilichoufanya kuwa mpaka ni mambo madogo madogo yaliyoongezwa juu ya mstari ule: mawe ya mpaka, kituo cha forodha, kodi ya kichwa inayolipwa huku na si kule, shule zinazofundisha historia tofauti. Mwaka 1964 mjini Cairo wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliafikiana kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Somalia na Morocco zilikataa, kila moja ikiwa na madai yake ya ardhi. Walioafiki walijua vizuri kwamba mipaka ile ilichorwa Ulaya. Hoja yao ilikuwa ileile ya muuza nyanya. Anayefungua mpaka mmoja hawezi kuwa na hakika kwamba jirani hataufungua mwingine, na kwa hiyo ni salama kwa kila mmoja kushika kilichopo. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya na haukufunguliwa hadi 1983. Mstari wa mwaka 1886 ukawa ukuta bila tofali hata moja kuwekwa.

Lakini ukitaka kuona uzito wa mpaka, usiende Namanga wala Horohoro. Nenda kwa Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengine wakipitia Tanganyika, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya wakati wa ukoloni. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wao walikuwa wamekwisha kuzaa na kuzika hapo. Hawakuvuka mpaka wowote siku ile. Kilichobadilika ni orodha ya makabila yanayohesabiwa kuwa ya Kenya, na wao hawakuwemo. Watoto na wajukuu wao walikua bila kitambulisho.

Fuatilia matokeo yake hatua kwa hatua. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007 na sasa ndiyo njia ya kulipa karo, kununua unga na kupokea mshahara. Bila kitambulisho hufungui akaunti benki, huandikiwi hati ya kiwanja, huajiriwi rasmi, hupigi kura. Kijana wa Kimakonde alikuwa na shilingi mkononi kama Mkenya mwingine yeyote, lakini makubaliano ya mpaka yalimfungia mlango wa makubaliano ya fedha. Makubaliano haya yameegemeana, na mtu aliyetolewa nje ya moja hujikuta nje ya mengine ambayo hayakumlenga.

Sheria ya Uraia ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua njia kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa wakiishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao. Kwenye karatasi haki ikawepo. Ofisini hakuna lililosogea kwa miaka. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kuonana na rais, na baada ya hapo ndipo amri ikatoka waandikishwe. Mapema mwaka 2017 walianza kupewa vitambulisho na wakatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri hadi 2023. Hakuna aliyehama, hakuna jiwe la mpaka lililosogezwa. Maneno yalisemwa na mwenye mamlaka ya kuyasema, makarani wakayatii, na mtu aliyekuwa mgeni jana akawa mwenyeji leo. Tendo hilo ni la aina ileile na tangazo la Narok, ila hapa lilimpa mtu kitu badala ya kumnyang'anya.

Majukumu ya mwanamume na mwanamke ndiyo makubaliano magumu kuliko yote kuyaona, kwa kuwa yamewekwa juu ya miili, na miili haikutengenezwa na kikao chochote. Anayebeba mimba ni mwanamke, hilo halikuamuliwa na mtu. Kutoka hapo hadi kusema jiko ni la mwanamke na shamba la urithi ni la mwanamume kuna safari ndefu, na kila hatua ya safari hiyo imewekwa na watu. Katika miji ya Tanganyika ya kikoloni kazi ya kupika, kufua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu na Wahindi ilifanywa zaidi na wanaume, na wengi waliikubali kuwa kazi ya kiume yenye mshahara. Leo kazi hiyohiyo katika miji hiyohiyo inahesabiwa kuwa ya wasichana. Sufuria halikubadilika.

Kwa Wakurya wa Tarime kuna ndoa inayoitwa nyumba ntobhu, na nadhani hakuna mfano unaofaa zaidi kwa wanaotaka kulielewa suala hili kwa undani. Mwanamke mwenye umri, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, anatoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Hii si ndoa ya mapenzi ya kimwili baina yao. Kijana yule huzaa na mwanamume wa nje, na watoto wanahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama mwenye ng'ombe, si wa aliyewazaa kwa upande wa baba. Wakipatikana wavulana, nyumba imepata warithi. Wanandi wa Kenya wana desturi inayofanana, na kwao mwanamke anayeoa hivyo huhesabiwa kuwa mwanamume katika mambo ya mali na ukoo.

Desturi hii inathibitisha kwamba nafasi ya mume ni nafasi, na anaweza kuikalia mtu ambaye mwili wake si wa kiume, mradi ng'ombe wametoka na jamaa wameshuhudia. Baadhi ya wanaoisifu huishia hapo na kuiita ukombozi wa mwanamke. Mimi naona wanaharakisha. Kinachobadilika katika nyumba ntobhu ni nani anahesabiwa kuwa nini, lakini kanuni inayosema mali hufuata watoto wa kiume inabaki nzima, tena imeimarishwa. Mama asiye na mtoto wa kiume hapati haki ya kurithisha kama mwanamke. Anapewa njia ya kuingia kwenye nafasi ya mwanamume. Jamii imeona ni nafuu kumbadilisha mtu kuliko kuibadilisha kanuni, na hilo linatuambia mzigo wenyewe uko wapi. Na yule kijana aliyeolewa, ambaye mara nyingi hutoka katika familia maskini, ndiye anayebeba gharama kubwa.

Kanuni yenyewe iliguswa kwingine, Bukoba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila zilizokusanywa na kuandikwa ili ziwe za namna moja kwa makabila mengi. Kabla ya hapo mila ilikuwa jambo la wazee kukaa na kujadiliana, na ilikuwa na nafasi ya kupinda kulingana na hali. Ilipoandikwa, iliganda. Miongoni mwa vifungu vyake ni kile kinachosema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Hatua ile ya Berger na Luckmann, ya mazoea kugeuka kuwa kitu kilichowatangulia watu, kwa kawaida huchukua kizazi kizima. Hapa ilikamilika kwa tangazo la gazeti la serikali.

Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia aliiuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa kaka yake akaenda Mahakama ya Mwanzo, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo, na shauri, linalojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya. Hukumu yake ya Februari 1990 ilisema kwamba kwa kuwa haki za binadamu zimekwisha kuingizwa katika Katiba tangu 1984, kifungu kile kinachombagua mwanamke hakiwezi kusimama, na nguvu za wanawake na wanaume kuuza ardhi ya ukoo ni sawa. Mauzo yalibaki halali.

Ingekuwa rahisi kudhani jambo lilikwisha siku hiyo, kama noti za Kenya zilivyokwisha. Lakini tangazo la jaji halifanani na tangazo la gavana. Gavana anasubiriwa na benki zote nchini, tayari kutii asubuhi inayofuata. Hukumu ya Mwanza ilibidi isomwe na hakimu mmoja mmoja wa mwanzo, itajwe na wanawake wasio na nauli ya kwenda mahakamani, na ikubaliwe na mashemeji wanaoishi nao kiwanja kimoja. Ukitaka kujua kama makubaliano yamebadilika kweli, usiangalie kilichoandikwa juu. Angalia kama mjane anapodai haki yake, wale walio karibu wanaona anadai au wanaona anavunja heshima.

Wajane wawili kutoka Shinyanga walilipima jambo hilo. Waume zao walifariki, mashemeji wakachukua usimamizi wa mirathi chini ya sheria za mila zilizoandikwa, na wao pamoja na watoto wao wakatolewa kwenye nyumba walizojenga na waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu ya mahakama na kwamba kugusa moja kutafungua madai yasiyo na mwisho. Ni woga uleule wa Cairo. Mahakama ya Rufani ilichukua muda hadi 2010, kisha ikaitupa rufaa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri ya Mahakama Kuu, kasoro ambayo wajane hawakuisababisha. Machi 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao, ikataka walipwe fidia na sheria zile zifutwe au zirekebishwe.

Sababu waliyoitoa majaji wa 2006 inastahili kujibiwa kwa hoja zake zenyewe. Walisema mila ni ya watu na ni watu watakaoibadili, na wakaelekeza marekebisho yapitie halmashauri za wilaya. Lakini kanuni zilizowatoa wajane wale nyumbani hazikuwa tena mazoea ya watu wa Shinyanga yanayoweza kupinda kikaoni. Zilikuwa maandishi ya serikali ya mwaka 1963, yenye namba ya tangazo. Serikali iliyoyaandika ina mkono wa kuyafuta, kama benki ilivyozifuta noti zake, na ikifanya hivyo itabaki kazi ile nyingine ndefu zaidi, ya shemeji mmoja mmoja katika kila boma.